Pampu ya sola kwa marejesho: uzoefu wangu Ruaha Mbuyuni na mahesabu ya kufanya kabla ya kusaini

Nalima nyanya na vitunguu kwenye nusu eka hapa Ruaha Mbuyuni, na pampu yangu ya sola nimeshamaliza kuilipia baada ya miaka miwili ya marejesho. Majirani bado wananiuliza kama ile ofa ni ya kweli au ni kausha damu nyingine. Jibu langu ni kwamba inamfaa mwenye kisima kisichokauka na shamba linalolimwa kiangazi. Mwenye kulima kwa mvua tu asisaini, maana atalipa kila mwezi kwa kitu kinachofanya kazi miezi michache.

Ofa yenyewe ilikuwa hivi. Pampu ya kuzamisha kisimani, paneli ya wati 300, kisanduku cha kuwashia, mpira wa maji na kazi ya fundi, vyote kwa pamoja ni shilingi 1,900,000 ukilipa taslimu. Kwa marejesho unatoa kianzio cha 300,000, halafu wastani wa 95,000 kwa mwezi kwa miezi 24. Wakala alishikilia hiyo 95,000 peke yake: "Mama, hii ni elfu tatu na kidogo kwa siku, ni lita moja tu ya petroli!" Hakudanganya. Ila mkulima azidishe mwenyewe: 95,000 mara 24 ni 2,280,000, ukiongeza kianzio inafika 2,580,000. Ina maana kusubiriwa miaka miwili kunagharimu 680,000 juu ya bei ya taslimu.

Hiyo 680,000 niliikubali kwa macho makavu. Benki ilitaka hati ya nyumba. Mikopo ya vikundi inataka rejesho kila wiki, na nyanya hailipi kila wiki. Hapa dhamana ni pampu yenyewe. Ukishindwa wanakuja kung'oa pampu, hawagusi ng'ombe wala mabati ya nyumba, na kwangu tofauti hiyo ina thamani.

Sasa tulinganishe na petroli. Kiangazi chetu kinaanza Mei na kuishia Novemba, miezi 7 ya kumwagilia. Pampu yangu ya petroli ya inchi mbili ilikuwa inakunywa lita 9 hivi kwa wiki, karibu lita 39 kwa mwezi. Kwa bei ya 3,200 kwa lita, hiyo ni kama 125,000 kwa mwezi, au 875,000 kwa kiangazi kimoja, kabla hujanunua oili na plagi. Viangazi viwili ni 1,750,000. Kwa hiyo yule anayekwambia pampu ya sola inajilipa yenyewe kwa petroli unayookoa ndani ya miaka miwili ya marejesho, mwambie apige hesabu tena, kwa sababu bado kuna pengo la 830,000. Kwa petroli peke yake pengo hilo linazibwa kiangazi cha tatu, wakati hudaiwi tena. Mimi ndicho kiangazi nilichomo sasa hivi, na tangu Mei sijapeleka dumu kituo cha mafuta.

Pengo linaweza kuzibwa mapema zaidi na kitu ambacho karatasi ya wakala haikukitaja. Kwenye petroli tulikuwa tunabana: unamwagilia leo, unaruka kesho, unaruka na keshokutwa mpaka hela ipatikane, halafu unamwaga maji mengi kwa mkupuo. Nyanya haipendi hivyo. Maji yakija kwa kushtukiza, mmea haufikishi chokaa ya kutosha kwenye tunda, na tunda linaota duara jeusi lililobonyea upande wa chini. Ndiko kuoza kitako, na wengi wetu tulikuwa tunanunua dawa ya ukungu kulitibu, wakati dawa ya ukungu haiwezi kitu pale. Maji ya sola hayana bei ya kila siku, kwa hiyo namwagilia kidogo kidogo kila asubuhi. Matenga ninayopeleka barabarani sasa yana nyanya chache sana ambazo dalali anazitupa pembeni. Huo ndio upande ulionishawishi zaidi ya mafuta.

Lakini maji yenyewe ni kiasi gani? Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Kipeperushi kiliandika kwa herufi kubwa "lita 40,000 kwa siku", na kwa herufi ndogo chini kabisa, "kwa mita 5". Hizo mita 5 ni urefu wa kupandisha maji kutoka usawa wa maji kisimani hadi pale yanapomwagika. Urefu ukiongezeka mara mbili, maji yanapungua hadi karibu nusu, kwa kuwa nguvu ya jua inayoingia kwenye paneli ni ile ile. Kisima changu kina maji mita 9 chini, na ikifika Oktoba yanashuka hadi 11. Ongeza mita 2 za kupanda hadi kwenye simtanki, na mita 1 nyingine ya nguvu inayopotea mpirani. Jumla ni 14. Chukua 40,000, zidisha kwa 5, gawanya kwa 14: unapata lita 14,000 na kitu kwa siku ya jua zuri. Ndicho ninachopata kweli. Saa sita mchana ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 24, sawa na lita 3,000 kwa saa. Saa mbili asubuhi ndoo hiyo hiyo inachukua zaidi ya dakika nzima. Kwa siku nzima ni kama saa tano za jua kali, siyo kumi na mbili.

Je, 14,000 inatosha? Nyanya iliyokomaa, kwa joto letu, inataka kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nusu eka ni mita za mraba 2,000 hivi, basi ni lita 10,000. Ukimwagilia kwa mifereji, karibu nusu ya maji inapotelea njiani, na utahitaji kama 20,000, ambazo pampu hii haitoi. Kwa mipira ya matone unahitaji 11,000 au 12,000 na unabaki na akiba ya siku ya mawingu. Kwa hiyo mwenye kutaka pampu ya ukubwa huu ahesabu na bei ya mipira ya matone, au alime robo eka kwa mifereji. Ofa yangu haikuwa na mipira ya matone, niliinunua pembeni.

Kabla ya kianzio, pimeni kisima. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse maji, vuta, pima sehemu kavu ya kamba. Fanya hivyo Oktoba, siyo Aprili. Halafu azima pampu, vuta maji kwa saa mbili tatu, uone kisima kinashuka kiasi gani na kinarudi kwa muda gani. Kisima kinachokauka saa nne asubuhi hakiponywi na pampu ya aina yoyote. Na kwa kuwa ni maji ya umwagiliaji, ulizeni mapema kuhusu kibali cha kutumia maji Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi yao iko Iringa mjini.

Kuna jambo lingine kuhusu kina ambalo nalisema kwa uchungu. Pampu inayokaa juu haivuti maji yaliyo chini ya mita 7 hivi, hata injini iwe na nguvu namna gani, kwa sababu kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa na uzito huo una kikomo. Ndiyo maana huku kwetu watu wanachimba kidaraja ndani ya kisima na kuishusha injini humo. Ndani ya moshi wake kuna gesi isiyo na harufu inayomlegeza mtu kabla hajajua, na anayeshuka kumwokoa naye anabaki huko huko. Pampu ya kuzamisha haina moshi, na hakuna anayeshuka kisimani kuiwasha. Kwa hilo peke yake ningeilipia tena.

Kuhusu ratiba ya kulipa, ombeni msimu. Wakala hakulisema mpaka nilipomuuliza: "Mwanangu, Februari mimi nitauza nini?" Ndipo akatoa karatasi nyingine. Kwa miezi 8 ya kulima na kusubiri nilikuwa nalipa 50,000 kwa mwezi, na kwa miezi 4 ya mavuno, yaani Agosti, Septemba, Novemba na Desemba, nilikuwa nalipa 185,000. Jumla ya mwaka ni ile ile 1,140,000. Bila mpango huo ningeuza nyanya mbichi shambani kwa bei ya kutupa ili tu niwahi tarehe.

Kisanduku kina laini ya simu ndani. Ukilipa kwa simu kinafunguka, siku zako zikiisha kinajifunga na pampu haizunguki hata jua liwe kali. Kuna mara nililipa kwa wakati, meseji ya muamala nikaipata, pampu ikabaki imefungwa siku mbili, nyanya zikiwa kwenye maua. Tatizo lilikuwa mtandao: kisanduku kilifungwa nyuma ya kibanda ambako hata simu yangu haishiki. Huduma kwa wateja walinirudisha kwa wakala, wakala akanirudisha kwao, na hilo lilinikera sana. Mwishowe walinitumia namba ya kufungulia, nikaiingiza kwa vitufe. Kwa hiyo siku fundi anapofunga, simama naye pale na simu mkononi, uone mtandao upo kabla hajatoboa ukuta. Na kama mkataba wako hauna njia ya kufungua kwa namba, dai iandikwe.

Mkataba wenyewe mpeni mtu anayejua kusoma awasomee taratibu. Tafuta vitu vitatu: kwanza, ukishindwa kulipa, wanakupa siku ngapi kabla ya kuja kung'oa, na hela uliyokwisha kulipa inakuwaje; pili, waranti ya pampu isiishe kabla ya marejesho, kwa maana utajikuta unalipia chuma kibovu; tatu, ukilipa yote mapema, wanakupunguzia kiasi gani. Kwangu mimi waranti ilikuwa miaka miwili sawasawa na marejesho, na mchanga ulipoziba pampu mwaka wa kwanza, fundi alikuja bila malipo. Tangu hapo nimeining'iniza mita moja juu ya sakafu ya kisima.

Ukimaliza rejesho la mwisho, usiridhike na meseji ya pongezi. Omba namba ya kufungua moja kwa moja na barua yenye muhuri inayosema pampu ni mali yako. Yangu ilichukua wiki kadhaa kufika, na nilipoipata ndipo nilipomwambia fundi ahamishe paneli upande ambao mwembe hautupi kivuli baada ya saa nane. Wakati wa deni haikuruhusiwa kuigusa.