Uzoefu wangu: kwa nini kidirisha cha kuoanisha hujitokeza kwenye simu moja na kukosekana kwenye nyingine

Vipokea sauti vya masikioni ninavyovitumia sasa vimetengenezwa na kampuni ambayo pia hutengeneza simu. Kwenye boksi lake imeandikwa kwamba ukifungua kikasha cha kuchajia karibu na simu, kidirisha kitajitokeza chenyewe, utabonyeza mara moja, na vitakuwa vimeunganishwa. Simu yangu ni ya kampuni nyingine. Nilipowasha Bluetooth na kufungua kikasha, skrini haikuonyesha chochote. Lakini kikasha hichohicho kilipofunguliwa mbele ya simu ya mdogo wangu, ambayo ni ya kampuni iliyovitengeneza, kidirisha kilitokea papo hapo kikiwa na picha, jina na kiasi cha chaji. Kwa kuwa sauti yake imeniridhisha kwenye simu zote mbili, tathmini hii nimeielekeza kwenye jambo hilo moja, kwa sababu wanunuzi wengi hudhani kifaa ni kibovu au simu yao haipokei mawimbi vizuri.

Kwamba simu yangu inayapokea mawimbi hayo, nimelithibitisha mwenyewe. Ipo programu ya bure iitwayo nRF Connect, ambayo huorodhesha matangazo yote ya Bluetooth yanayosikika karibu na simu. Nilikifungua kikasha kando ya simu, na mara moja ukaongezeka mstari mpya wenye nguvu ya mawimbi ya takriban -45 dBm, kiwango cha kifaa kilicho karibu sana; nilipofunga kikasha na kusubiri kidogo, tangazo likakoma. Simu ilikuwa imelisikia tangazo, ila hakuna programu ndani yake iliyojua tangazo hilo linasema nini.

Matangazo haya ni mafupi mno. Katika muundo wa kawaida wa Bluetooth ya nishati ndogo, tangazo moja lina nafasi ya baiti 31 tu, na kiwango cha Bluetooth kinaruhusu kampuni kuijaza nafasi hiyo kwa namna yake, mradi itangulize namba iliyopewa na shirika la Bluetooth SIG. Namba ya Apple ni `0x004C` na ya Samsung ni `0x0075`. Mfano uliochunguzwa sana na wataalamu ni AirPods, ambazo tangazo lake la ukaribu huanza hivi, kwa namba za mfumo wa kumi na sita:

```
1E FF 4C 00 07 19
```

Baiti ya kwanza, `1E`, inasema kwamba zinafuata baiti 30. `FF` inasema kwamba yanayofuata ni maelezo ya mtengenezaji, na `4C 00` ni namba ya Apple, ambayo baiti zake huandikwa kwa kugeuzwa. `07` ni aina ya ujumbe, yaani ujumbe wa kuoanisha kwa ukaribu, na `19` ni urefu wa kilichobaki, baiti 25. Humo ndimo ilimo namba ya toleo, hali ya kifuniko, na chaji ya kila upande na ya kikasha kwa hatua za asilimia 10, huku baiti 16 za mwisho zikiwa zimesimbwa. Ukijumlisha zote, baiti 31 zimekwisha. iPhone ikilisikia tangazo hili hujua pa kusoma kila kitu na huchora kidirisha. Simu ya Android hulisikia vilevile, lakini mfumo wake haukuandikiwa maelekezo ya kulisoma, hivyo hulipita. Ndiyo maana zipo programu za Android zinazoonyesha chaji ya AirPods: waandishi wake waliichambua sehemu isiyosimbwa, nazo huishia kwenye hatua hizo za asilimia 10.

Kwa hiyo kidirisha si sehemu ya Bluetooth yenyewe. Kiwango cha Bluetooth kinaeleza jinsi vifaa viwili vinavyotambuana, vinavyokubaliana ufunguo wa siri na vinavyopeana sauti, na hayo kila mtengenezaji huyafuata. Ndiyo sababu vipokea sauti vyangu viliunganishwa bila shida nilipopita njia ya kawaida. Picha, maandishi na kitufe cha kubonyeza ni kazi ya programu ambayo kampuni imeiweka ndani ya simu zake yenyewe.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Namba ya kampuni iliyo ndani ya tangazo haina uthibitisho wowote, na mtu yeyote anaweza kuiandika. Mwaka 2023 ilionyeshwa hadharani kwamba kifaa kidogo cha mfukoni kinaweza kurusha matangazo bandia na kuzijaza iPhone za jirani vidirisha visivyokoma. Watengenezaji wa bidhaa za kughushi hutumia mwanya huohuo, kwa hiyo muuzaji akikufungulia kikasha na kidirisha kikajitokeza, hujapata ushahidi wowote kwamba bidhaa ni halisi.

Upo pia utaratibu usiofungwa kwenye chapa moja, nao niliupima kwa vipokea sauti vya kampuni ya tatu, ambayo haitengenezi simu kabisa. Kwenye simu yangu ileile kidirisha kilitokea mara tu nilipokifungua kikasha. Kampuni hiyo imejiunga na Fast Pair ya Google, iliyoanza mwaka 2017 na hufanya kazi kwenye Android 6.0 na kuendelea kupitia huduma za Google Play. Tangazo lake hutambulika kwa namba `0xFE2C`, na kifaa kikiwa tayari kuoanishwa hubeba namba ya toleo yenye baiti 3 pekee. Jina na picha havimo humo, bali simu huipeleka namba hiyo kwenye seva za Google na kurudishiwa jina, picha na ufunguo wa umma, ambao hutumika kuhakikisha kwamba kifaa kilichoko mbele yake ndicho kilichosajiliwa. Ukaguzi huo ndio unaonifanya niuone utaratibu huu kuwa bora kuliko kuamini namba tupu. Mara ya kwanza, basi, simu inahitaji intaneti. Ukiwa umezima data, unaweza kudhani kwamba vifaa havipatani kumbe swali halikufika kwenye seva. Na kwa kuwa maelekezo haya yamo katika huduma za Google, iPhone hailisomi tangazo hilo, wala simu za Android zisizo na huduma hizo.

Vile vyangu nimeviunganisha kwa mkono. Niliviacha ndani ya kikasha kilicho wazi, nikashikilia kitufe chake mpaka taa ikaanza kumetameta, kisha nikaingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, Oanisha kifaa kipya. Jina likitokea mara mbili, chagua lenye alama ya vipokea sauti, kwa kuwa jingine huwa ni la mawasiliano ya nishati ndogo na mara nyingi halitoi sauti. Taa ikikataa kumetameta, huenda vimejiunga na simu ya zamani iliyo karibu, kwa hiyo zima Bluetooth ya simu hiyo kwanza.

Tangu hapo hujiunga vyenyewe nikivitoa kwenye kikasha. Ninachokikosa ni chaji ya kila upande kwenye skrini na kuhama kutoka simu hadi kompyuta kibao bila kuoanisha upya. Mipangilio ya kuzuia kelele naipata kwa kupakua programu ya kampuni. Kwa matumizi yangu upungufu huo ni mdogo, nami nitaendelea navyo. Anayehama vifaa mara nyingi kwa siku atafute bidhaa iliyoandikwa Fast Pair kwenye boksi ikiwa simu yake ni ya Android yenye huduma za Google, na mwenye iPhone achague AirPods au zile za Beats zenye chipu ya Apple.