Uzoefu wangu wa kurekebisha picha ya runinga katika sebule yenye mwanga mkali

Runinga ninayoizungumzia ni ya inchi 55, ya kioo cha LCD chenye taa za LED nyuma yake, na nimeitumia kwa miezi minane katika sebule ambayo dirisha lake kubwa huingiza mwanga tangu asubuhi hadi alasiri. Fundi aliyekuja kuifunga aliiacha kwenye modi ya Vivid, akanieleza kwamba chumba chenye mwanga kama hiki hakifai modi nyingine. Nilimwamini kwa wiki mbili. Picha ilikuwa inang'aa kweli, lakini nyuso za watu zilikuwa nyekundu kama za waliounguzwa na jua, majani yalikuwa na ukijani wa plastiki, na siku moja nikitazama mechi ya timu iliyovaa jezi nyeupe sikuweza kuona hata mkunjo mmoja wa kitambaa: kila mchezaji alikuwa bapa jeupe linalokimbia.

Nilipohamia modi ya Movie, rangi zilitulia, ila mchana picha ilikuwa hafifu na yenye umanjano. Nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi Vivid. Nami nilikaribia kurudi, mpaka nilipotambua kwamba uhafifu ule si tabia ya modi yenyewe, bali ni thamani moja tu iliyowekwa kiwandani. Modi hii imetayarishwa kwa mtu anayetazama gizani, na picha za kawaida, zisizo za HDR yenye mwanga mkali zaidi, hukamilishwa studioni kwa weupe wa takriban niti 100, kiwango cha mwangaza ambacho kinatosha kabisa usiku lakini humezwa na mwanga wa dirishani. Kwangu Backlight ilikuwa 35. Niliipandisha hadi 90, nikaacha kila kingine kilivyokuwa, na picha ikawa na mwanga wa kutosha bila nyuso kurudi kwenye ule wekundu.

Sababu ni nyepesi kuieleza, ingawa majina ya kwenye menyu yanapotosha. Backlight ni nguvu ya taa zilizo nyuma ya kioo. Ukiiongeza, kila sehemu ya picha, yenye giza na yenye nuru, inapanda kwa uwiano uleule, kwa hiyo uhusiano wa rangi haubadiliki. Brightness, licha ya jina lake, haina kazi ya kuongeza mwanga: inaamua weusi uanzie wapi. Contrast inaamua weupe uishie wapi. Mtu anayeona picha hafifu mchana hukimbilia Brightness, kisha koti jeusi linageuka la rangi ya majivu. Akikimbilia Contrast, mawingu na jezi nyeupe hupoteza maumbo yake. Katika runinga za OLED hakuna taa za nyuma, na badala yake menyu huwa na kipimo kama OLED Light au Pixel Brightness, ambacho hufanya kazi hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ilinibidi kuzima kitu kilichonipotezea jioni nzima. Nilikuwa naweka Backlight 90, natoka chumbani, narudi nakuta picha imefifia tena, na namba kwenye menyu bado inasema 90. Aliyekuwa akinichezea ni kihisi cha mwanga, kilichowashwa pamoja na hali ya kubana matumizi ya umeme, na kila wingu lilipopita juu ya dirisha yeye alipunguza taa. Nimevizima vyote viwili. Kihisi si kibaya kwa kila mtu, lakini huwezi kupima kitu kinachobadilika huku unakipima.

Brightness na Contrast nilizipima usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, na hili nalisisitiza. Ukizipima mchana, mwanga unaoakisiwa juu ya kioo utaficha vivuli, nawe utapandisha weusi kufidia kosa ambalo si la runinga. Nilitumia picha ya majaribio yenye mistari inayowaka na kuzima. Katika video, ambapo kiwango cha mwanga huhesabiwa kwa namba kati ya 0 na 255, weusi kamili ni namba 16 na weupe wa kawaida ni 235, hivyo mstari wa 16 haupaswi kuonekana, na wa 17 au 18 uonekane kwa shida. Kwenye Brightness 50 mambo yalikuwa sawa; nilipojaribu 58, mandhari yote ikawa ya kijivu. Upande wa weupe, Contrast ya 90 ilinionyesha mistari yote hadi 234, na nilipoifikisha 100 mistari minne ya mwisho ikayeyuka kuwa kitu kimoja. Tangu usiku ule sijazigusa tena, hata jua likiwa kali namna gani.

Kuhusu umanjano, nilifanya jaribio dogo ambalo lilinishangaza. Mchana wa mawingu nilishika karatasi nyeupe karibu na dirisha, kando ya runinga iliyokuwa ikionyesha ukurasa mweupe. Kwenye Vivid, weupe wa runinga ulikuwa wa samawati waziwazi ukilinganisha na karatasi. Kwenye Warm 2, chaguo la joto la rangi nililokuwa nikitumia ndani ya Movie, viwili hivyo vilikaribiana sana. Haikuwa bahati: weupe unaokusudiwa na watengenezaji wa video ni wa kelvini 6500 hivi, na mwanga wa siku ya mawingu uko karibu na hapo. Kilichokuwa kimenidanganya ni macho yangu yaliyozoea ubuluu kwa wiki mbili. Siku ya tatu umanjano ulikwisha, na nilipoirudisha Vivid kwa dakika moja ilionekana kama picha iliyopigwa ndani ya jokofu.

Kilichobaki ni gama, yaani namna picha inavyopanda kutoka giza kwenda nuru. Usiku natumia 2.4. Mchana, kwa thamani hiyo, baadhi ya filamu zenye matukio ya gizani zilikuwa hazionekani, kwa hiyo nimeshuka hadi 2.2. Hapa ndipo pekee nilipolegeza usahihi, na inainua vivuli bila kugusa weusi wenyewe wala weupe. Kushuka zaidi ya hapo kulifanya nyuso zionekane bapa.

Kwa kuwa Backlight ya 90 usiku huumiza macho, na pia huufanya weusi wa LCD uonekane wa kijivu, nimegawa kazi: Movie ni ya mchana kwa 90 na gama 2.2, Filmmaker Mode ni ya usiku kwa 30 na gama 2.4. Kubadili ni kubofya rimoti mara tatu.

Mapungufu yapo. Video za HDR kwenye runinga hii tayari hutumia taa kwa kiwango cha juu, hivyo mchana hakuna cha kuongeza, na filamu yenye giza nyingi naiahirisha hadi jioni. Wala hakuna thamani ya menyu iliyoondoa umbo la dirisha lililokuwa likionekana kwenye kioo. Niliigeuza runinga kidogo kutoka dirishani, na nusu ya tatizo ikaondoka. Linaloniudhi zaidi ni kwamba runinga huhifadhi mipangilio kwa kila mlango peke yake. Niliyoyaweka yote yalikuwa ya HDMI 1, na nilipochomeka king'amuzi kwenye HDMI 2 nilikaribishwa tena na nyuso nyekundu, ikabidi ninakili namba zote upya kwa mkono.