Sukari imegundulika ndani ya muda wa kusubiri: ubaki na bima yako au uhame?

Tuseme umechukua bima binafsi Januari, siku ya 20 daktari anakwambia una sukari. Kampuni nyingi zina siku 30 za kusubiri kwa magonjwa ya kawaida, na ya kudumu ni kama mwaka, kwa hiyo hiyo klemu hailipwi. Na usibishane sana kwamba umeugua baada ya kulipia, maana kile kipimo cha HbA1c kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 mpaka 3 nyuma, yaani ikisoma 9% wanajua ilikuwepo kabla ya kava.

Ukibaki, mwaka wa pili sukari inaandikwa kama ugonjwa wa awali. Mara nyingi wanakuwekea limiti yake ndogo, kwa mfano laki moja ndani ya kava ya laki tano, au wanaongeza premiamu, wengine wanaitoa kabisa. Hapo omba barua ya masharti mapya kabla hujalipa, na usichelewe kulipia, ukiacha pengo wanaweza kukuhesabia kusubiri upya.

Ukihama, fomu mpya inauliza magonjwa na lazima uandike sukari, ukificha wakaja kuiona kwenye faili la hospitali wanaweza kufuta bima nzima, hata klemu ya ajali ikakwama. Halafu kusubiri kunaanza tena sifuri, labda wakukubalie kwa maandishi kuhamisha muda uliokwisha tumikia.

Mimi ningebaki, ila kama sukari imetolewa kabisa basi tafuta kwingine mapema, ukiwa bado na kava.