Uzoefu wangu na karatasi za mazoezi ya Kilatini: wakati timilifu

Nafundisha Kilatini kidato cha pili katika seminari ndogo. Muhula uliopita nilinunua mtandaoni kifurushi cha karatasi 20 za kuchapa, zote za kutafsiri, zote kuhusu wakati timilifu, nyingi katika kauli ya kutenda. Nimezitumia wiki tisa na vijana 31. Ninazipenda, ila kuna kasoro moja iliyonitesa sana, na anayetaka kununua aijue mapema.

Kitenzi cha Kilatini hukaririwa kwa maumbo manne. Kwa mfano, kutuma: mittō, mittere, mīsī, missum. Umbo la tatu ndilo lenye shina la wakati timilifu. Ukiondoa -ī ya mwisho unabaki na mīs-, kisha unaweka viishio sita: mīsī, mīsistī, mīsit, mīsimus, mīsistis, mīsērunt. Viishio hivyo havibadiliki kwa kitenzi chochote, hata kile kinachokwenda kombo mahali pengine. Kazi yote iko kwenye shina.

Sasa, karatasi hizi zina orodha ya maneno chini ya kila ukurasa, na orodha hiyo inataja maumbo mawili tu ya kwanza. Umbo la tatu limewekwa kwenye majibu ya mwalimu. Karatasi ya nne ilitaka sentensi "Konsuli alimtuma mjumbe". Vijana 19 waliandika mittāvit au mittēvit, kwa sababu karatasi tatu za mwanzo zilikuwa zimewazoesha amō, amāre, amāvī, wakadhani kila kitenzi hutiwa v tu. Sikuwalaumu. Hakuna njia ya kuotea mīsī kutoka mittere, kama ambavyo huwezi kuotea ēgī kutoka agere. Tangu siku hiyo naandika umbo la tatu kwa mkono kabla ya kutoa nakala, na makosa ya aina hiyo yamepungua mno.

Kasoro ya pili ni kwamba irabu ndefu hazina kistari juu. Sentensi "Nuntius venit" imechapwa hivyo hivyo, bila neno lolote la wakati. Kwa e fupi, venit ni "anakuja". Kwa e ndefu, vēnit ni "amekuja". Majibu yanakubali la pili tu. Kijana aliyeandika "anakuja" hakukosea, na nilimpa alama zake. Vistari navyo haviokoi kila mahali: dēfendit ni "anatetea" na pia "alitetea", huandikwa sawa kabisa, kwa hiyo sentensi ya namna hiyo lazima iwe na herī, yaani jana, au kitu kingine cha kumwongoza msomaji.

Kilichonifurahisha ni sentensi zenyewe. Ni fupi, na zinarudia vitenzi vilevile mpaka vinakaa kichwani. Karatasi ya kumi na moja ina maneno ya Kaisari baada ya ushindi wake wa Zela mwaka 47 KK: vēnī, vīdī, vīcī. Kifurushi kimeandikwa kwa wasomaji wa Kiingereza, lakini mimi huwaambia vijana watafsiri kwa Kiswahili, na hapo ndipo somo lilipochangamka. Mmoja aliandika "Nimekuja, nimeona, nimeshinda". Mwingine akaandika "Nilikuja, nikaona, nikashinda". Wakabishana. Kisarufi wote wawili wako sahihi, maana wakati timilifu wa Kilatini unabeba -me- na -li- kwa pamoja, lakini mambo yanapofuatana katika masimulizi, Kiswahili kinadai -ka-. Kisha tukapata "Nūntius nōndum vēnit", na darasa zima likajibu bila kufikiri: "Mjumbe hajaja bado". Umbo moja la Kilatini, na sisi tunachagua kati ya -me-, -li-, -ka- na -ja- kwa kusoma sentensi nzima. Majibu ya kifurushi hayagusi jambo hili, basi jiandae kusahihisha mwenyewe.

Siku hiyohiyo kijana wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, mbona vincō imepoteza n?" Nikamwambia n ile ni ya shina la wakati uliopo tu, mzizi wenyewe ni vic-, ndiyo maana tuna vīcī, victum na victōria. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kama Ziwa Viktoria?" Nikamwambia ndiyo: ziwa lilipewa jina la malkia, na jina la malkia ni hilo neno la Kilatini, ushindi.

Nitazitumia tena muhula ujao, kuanzia karatasi ya kwanza hadi ya 14. Sita za mwisho zinachanganya kauli ya kutendwa kabla vijana hawajaizoea missum, nazo nimeziweka kando hadi kidato cha tatu.