Ujerumani: hadhi ya ukimbizi au ulinzi wa ziada?

Chukua Wasomali wawili waliofika Ujerumani. Mmoja alitishiwa na al-Shabaab kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa. Huyo hupewa hadhi ya ukimbizi, kwa kuwa anawindwa kwa jinsi alivyo au anavyoamini. Mwenzake hakuwindwa na mtu, ila mapigano ya mtaani kwao yangeweza kumuua yeyote. Huyo hupata ulinzi wa ziada.

Kwa kibali cha kuishi hawapishani sana: tangu 2024 wote hupewa miaka mitatu, na wote huruhusiwa kufanya kazi. Tofauti inayouma ni familia. Mkimbizi akiwasilisha ombi ndani ya miezi mitatu baada ya uamuzi kuwa wa mwisho, humwita mke na watoto bila kuthibitisha kipato wala nyumba. Mwenye ulinzi wa ziada alikuwa akisubiri zamu katika viza 1,000 kwa mwezi, na Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa miaka miwili, isipokuwa kwa hali ngumu mno. Kwa pasipoti pia, mkimbizi hupewa hati ya safari ya buluu. Mwenye ulinzi wa ziada kwa kawaida kwanza hutakiwa kuomba pasipoti kwenye ubalozi wa nchi yake.

Kibali cha kibinadamu, tuseme cha mgonjwa asiyeweza kutibiwa kwao, ndicho dhaifu zaidi: huanzia mwaka mmoja.

Aliyepewa ulinzi wa ziada anaweza kudai hadhi ya ukimbizi mahakamani, lakini kwa kawaida muda ni wiki mbili tu tangu apokee barua.