noindex na nosnippet: uzoefu wangu kwenye tovuti ya nyumba ya wageni

Natunza tovuti ya nyumba ya wageni iliyoko Jambiani, Zanzibar, na maagizo ya roboti ndiyo ninayotumia kuamua kipi kionekane Google na kipi kisionekane. Kwa ufupi: noindex, agizo la kutoorodhesha ukurasa au faili, naiamini kabisa, mradi roboti waruhusiwe kuisoma. nosnippet ya ukurasa mzima, inayoondoa maelezo yaliyo chini ya kichwa kwenye matokeo, naitumia mara chache sana. data-nosnippet, inayoficha kipande kimoja tu cha maandishi, ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Kazi kubwa ilikuwa PDF ya bei za mawakala. Ndani yake mna bei za punguzo tunazozipa kampuni za utalii, na mgeni wa kawaida hatakiwi kukutana nazo anapotafuta jina letu. Faili hilo lilikuwa kwenye matokeo ya Google, ingawa aliyetengeneza tovuti mwanzoni alishalizuia kwenye robots.txt, faili linalowaambia roboti wapi wasiingie:

```
User-agent: *
Disallow: /nyaraka/
```

Anwani ya faili ilionekana, lakini chini yake hapakuwa na maelezo yoyote. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nayo iliandika "Indexed, though blocked by robots.txt". Sababu ni kwamba Disallow humkataza roboti kufungua faili, haimkatazi kuorodhesha anwani yake. Wakala mmoja alikuwa ameweka kiungo cha PDF hiyo kwenye tovuti yake, na kiungo kikiwepo mahali pengine, hicho peke yake chaweza kutosha. Kuongeza noindex huku Disallow ikiwa bado ipo hakusaidii kitu, kwa sababu agizo limo ndani ya kile ambacho roboti amekatazwa kukigusa. Wapo pia wanaoandika noindex ndani ya robots.txt yenyewe, lakini Google iliacha kuifuata Septemba 2019.

Kwa hiyo niliiondoa kwanza ile Disallow. Ukurasa wa kawaida ungewekewa meta ndani ya head, lakini PDF haina head, ndiyo maana agizo lake hutumwa na seva kabla ya faili. Kwenye seva yetu ya Apache niliandika hivi katika .htaccess ya folda hiyo:

```
<Files "bei-mawakala.pdf">
  Header set X-Robots-Tag "noindex"
</Files>
```

Usimalize hapo bila kuhakiki. Tumia amri hii, ukiweka anwani yako:

```
curl -I https://example.com/nyaraka/bei-mawakala.pdf
```

Kwenye majibu lazima uone mstari wa `X-Robots-Tag: noindex`. Usipouona, huenda moduli ya Apache iitwayo mod_headers haijawashwa, au seva ya nginx iliyo mbele ya Apache inatoa mafaili yenyewe bila kupitia .htaccess. Hapo agizo inabidi liwekwe kwenye nginx.

Baada ya hapo ni kusubiri Googlebot, roboti wa Google, arudi. Kama una haraka, sehemu ya Removals ndani ya Search Console huificha anwani kwa muda wa miezi sita hivi, na noindex ndiyo inayoshikilia baadaye. Hata PDF ikishatoweka, usiirudishe Disallow, maana Googlebot hataliona tena agizo na anwani inaweza kurudi.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwenye tovuti: noindex si kufuli. Aliye na kiungo bado analifungua faili, na roboti wasio waaminifu hawalijali agizo. Bei mpya za mawakala tumezihamishia nyuma ya nenosiri. noindex nimeibakisha kwenye ukurasa wa asante baada ya kuweka nafasi na kwenye matokeo ya utafutaji wa ndani, kurasa zisizo na siri lakini zisizomfaa mtu anayetoka Google.

Kuhusu dondoo, tulikuwa na tangazo juu ya ukurasa wa mwanzo: "Tumefunga Aprili na Mei kwa ajili ya masika." Google ililichukua tangazo hilo likawa ndiyo maelezo yetu, na mgeni aliyetafuta Julai akasoma kwamba tumefunga. Kuweka nosnippet kungefuta maelezo yote na kubakiza kichwa na kiungo tu. Niliyafunika maneno yale pekee:

```
<div data-nosnippet>Tumefunga Aprili na Mei...</div>
```

Mgeni aliyefungua ukurasa bado analisoma tangazo, na Google ikachukua aya ya vyumba na ufukwe badala yake. Sifa hii inafanya kazi kwenye div, span na section tu, na hakikisha tagi imefungwa vizuri.

nosnippet ya ukurasa mzima nimeiweka mahali pamoja: ukurasa wenye masharti ya kufuta nafasi. Masharti yale yana vipengele vinavyotegemeana, na sentensi moja ikinyofolewa peke yake humfanya mgeni aamini kwamba atarudishiwa pesa zote. Ni afadhali afungue ukurasa na kuyasoma yote.