Kujitambulisha kwa pumzi moja: uanze na cheo au na mteja?

Chukua wakala wa forodha wa Mombasa kwenye hafla ya wafanyabiashara. Anaweza kusema: "Mimi ni wakala wa forodha mwenye leseni." Au: "Nawasaidia wanaoagiza magari kutoka Japani kuyatoa bandarini bila kulipia siku za ziada, kwa kukagua hati zao meli ikiwa bado baharini."

Ya kwanza ni fupi na haihitaji kubadilishwa mwaka mzima. Kwa watu wa bandarini inatosha kabisa, maana kazi wanaijua. Wanachotaka ni leseni. Mwenye duka la Marikiti, lakini, ataitikia "vizuri" na mazungumzo yaishie hapo.

Ya pili humkumbusha msikilizaji mtu fulani. Akijibu, "Shemeji yangu gari lake liko njiani," ujue imefika. Nguvu yake, kwa maoni yangu, iko kwenye "kwa kukagua hati". Ukiyaondoa maneno hayo, inabaki ahadi ambayo wakala yeyote angeitoa. Ila inakufunga: mwagizaji wa vitenge atadhani haimhusu, na ukimwongeza kwa "na pia", pumzi inakata. Isome kwa sauti. Ukivuta pumzi katikati, punguza kundi moja la wateja.

Ukiwa na wenzako wa taaluma, tanguliza cheo. Kwenye ukumbi wenye wageni wa kila biashara, tanguliza mteja, na leseni uitaje ukiulizwa.